Kadi kumi na nne "Imezuiwa", zote zinasubiri vibali vya mtandao wa simu. Mnafuatiliaje?

#1 Kibo_Kazini

Wakuu, habari za jioni.

Tunaunganisha mfumo wa SACCOS moja na huduma ya pesa ya mtandao mmoja wa simu hapa Tanzania. Jina la mtandao naliacha, halibadilishi swali. Mambo yanayotakiwa ni matatu. Mwanachama alipe akiba au rejesho kwa namba ya kampuni, akiandika namba yake ya uanachama kama kumbukumbu namba. Pili, mfumo wetu umtumie ombi la malipo kwenye simu, yeye kazi yake iwe kuweka namba ya siri tu. Tatu, mkopo ukishapitishwa na kamati, pesa iingie moja kwa moja kwenye simu yake.

Ubao wetu wa kazi una kadi kumi na nne kwenye safu ya "Imezuiwa". Kila Jumatatu tunazipitia, kila mmoja anasema "tunasubiri mtandao", kikao kinaendelea. Bodi ya SACCOS ikiuliza ni lini, hakuna anayeweza kuwapa hata makisio.

Msimamo wangu ni kwamba kibali chenyewe kiwe kadi, kiwe na jina la mtu wa upande wetu, na kadi nyingine zote zinazokitegemea zifungwe kwake. Meneja wetu hataki. Anasema ubao ni wa kazi zetu, na si haki kumbebesha mtu jambo linaloamuliwa na kampuni nyingine. Nyie mnafanyaje?

#2 NyundoNzito

Nafuatilia kwa karibu. Mnatumia nini, Jira au Trello?

#3 Kibo_Kazini

Trello, mkuu. Ila tatizo hili hata kwenye daftari la kawaida lingekuwepo.

#4 shamba_la_bibi

Hata mimi yamenikuta. Nimeomba mkopo kwenye simu, ujumbe unasema ombi linashughulikiwa, hadi leo kimya. Nikipiga huduma kwa wateja wananiambia nisubiri kibali. Kama wewe ni wa humo humo kwenye mitambo, nisaidie kujua kibali kinatoka kwa nani.

#5 Kibo_Kazini

Pole sana, mama. Sisi tunaongelea vibali vya kuunganisha mifumo, siyo vya mkopo wa mtu mmoja mmoja. Kwa lako, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho, uombe wakuandikie namba ya malalamiko. Usikubali kuondoka bila hiyo namba.

#6 Bandari_Salama

Kibo, nimefanya kazi hizi kwa miaka mingi, nyingi zikiwa za mashule na SACCOS. Wewe na meneja wako mnagombania safu ya ubao kabla hamjajibu swali la kwanza: kila kadi kati ya hizo kumi na nne inasubiri kitu gani hasa? "Mtandao" siyo jibu. Mtandao una idara. Mkataba na nyaraka ziko kwa watu wa biashara, VPN iko kwa mafundi wa mawasiliano, jina la mtumiaji na nywila za mazingira halisi ziko kwa timu ya mfumo wa pesa, na ruhusa ya kutoa pesa mara nyingi inapita pia kwa watu wa sheria na udhibiti. Hao hawakai meza moja, na wengine hawajui kwamba ombi lenu lipo kabisa.

Chukua kadi moja tuipasue. Nadhani mnayo iliyoandikwa kitu kama "Kupokea akiba kwa namba ya kampuni". Ndani yake kuna kazi kama nne. Kuna kusoma ujumbe unaotoka mtandaoni na kutoa kiasi, namba ya simu, kumbukumbu namba na namba ya muamala. Kuna kumtafuta mwanachama kwa hiyo kumbukumbu namba na kujibu yupo au hayupo. Kuna kuingiza kwenye leja. Kisha kuna kuhakikisha ujumbe ule ule ukija mara mbili akiba haiongezeki mara mbili. Katika hizo, ni ipi inahitaji kibali? Hakuna hata moja. Mkiwa na mwongozo wao wa API mnaandika seva ndogo ya uongo inayotuma ujumbe wa aina hiyo, na kazi zote nne zinaisha mezani kwenu. Kinachosubiri kibali ni kipande cha mwisho tu: kuona shilingi elfu moja ya kweli ikitoka kwenye simu ya kweli hadi kwenye leja.

La kurudiwa kwa ujumbe lifungeni kwenye hifadhidata, msiliachie programu ikumbuke:

```
ALTER TABLE miamala ADD UNIQUE (namba_ya_muamala);
```

Mkizipasua zote hivyo, naamini zaidi ya nusu zitatoka kwenye safu ya Imezuiwa bila mtandao kuwapigia simu.

#7 kijana_wa_ilala

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Siku hizi kila mtandao una mazingira ya majaribio. Unajisajili, unapata funguo, unajenga kila kitu mpaka mwisho. Kibali kikija unabadilisha anwani na funguo, umemaliza kwa saa moja. Hakuna sababu ya kadi yoyote kuzuiwa. Nimefanya na Daraja, API ya M-Pesa ya Kenya, nikiwa chuo, ilikuwa kazi ya wikiendi.

#8 pwani254

Kijana wa Ilala, umesema kweli nusu. Mimi natumia Daraja kila siku hapa Mombasa. Mazingira ya majaribio yanakusaidia kuandika programu, hayakuonyeshi biashara yako mwenyewe ikifanya kazi. Ile namba 174379 unayojaribia ombi la malipo ni ya kila mtu, wote tunaitumia. Kwa hivyo mipangilio ya PayBill yako, yaani namba ya kampuni yako mwenyewe, haijaguswa hata kidogo.

Tazama mambo matatu ambayo majaribio hayakufundishi. Kwanza, kuhakiki namba ya akaunti kabla pesa haijapokelewa. Kwenye mazingira halisi huduma hiyo huwa imezimwa, ni lazima uombe iwashwe. Unaweza kuwa umepita kila kitu, pesa zinaingia vizuri, na anwani yako ya kuhakiki haijawahi kuguswa hata mara moja. Ukifikiri ni kosa kwenye programu utakesha. Pili, kusajili anwani za kupokelea majibu. Kwenye majaribio unasajili upya utakavyo, lakini kwenye mazingira halisi ukishasajili umesajili, kubadilisha ni mchakato mwingine. Tatu, kutoa pesa. Nywila ya yule mtumiaji anayeanzisha malipo hufungwa kwa cheti, na cheti cha majaribio si kile cha mazingira halisi. Ukisahau kubadilisha, utaambiwa taarifa za mwanzishaji si sahihi, na utaanza kulaumu kibali ambacho kimeshatoka.

Hiyo saa moja yako, ndugu yangu, kwa biashara ya kweli haitoshi.

#9 kijana_wa_ilala

Sawa, la 174379 nakubali, sikuwa na PayBill yangu wakati ule. Lakini bado majaribio yanapunguza kazi kubwa.

#10 pwani254

Hapo tuko pamoja. Hasa majibu ya kushindwa. Mteja akikataa ombi unapata 1032, simu ikiwa haipatikani au asipojibu unapata 1037. Watu wengi hujaribu malipo yaliyofaulu tu, basi wanaingia sokoni bila kujua watamwambia nini mteja aliyebonyeza kukataa.

#11 Kibo_Kazini

Asanteni. Bandari, kazi ya kupasua kadi naianza kesho, nimeielewa. Lakini kwetu kinachoumiza zaidi ni VPN. Mtandao huu hautoi huduma hiyo kwenye intaneti ya wazi, ni lazima njia ya VPN kati ya seva yetu na yao. Fomu ilijazwa zamani. Tukiuliza, wanajibu "upande wetu tumekamilisha". Sisi tukijaribu, hakuna kitu. Kwenye ubao imeandikwa "VPN: tunasubiri mtandao", na kadi sita zimefungwa hapo. Sasa nani anasubiri nani?

#12 Waya_Mwekundu

Hili ni langu, niachieni. Mimi ni fundi wa mawasiliano, na "tumekamilisha" nimeishi nayo.

Kibo, usiulize tena kama wamekamilisha. Uliza mashine. Kutoka kwenye seva ile ile itakayotumika, siyo kompyuta yako ya ofisini, piga hivi (anwani nimebuni, weka yao):

```
curl -vk --connect-timeout 10 https://10.50.8.21:8443/
```

Ikirudi `Connection timed out`, pakiti zinamezwa njiani, yaani VPN haijapita au ukuta wa moto unazitupa kimya kimya. Ikirudi `Connection refused`, kwa kawaida umefika, ila mlango huo hakuna kinachosikiliza, kwa hiyo ulizia namba ya mlango. Ukipata 401 au 403, furahi, kwa sababu njia imefunguka na kilichobaki ni jina la mtumiaji au ruhusa ndani ya mfumo wao. Haya ni matatizo matatu ya watu watatu tofauti. Ukiwaandikia "haifanyi kazi", barua yako inazungushwa kati ya idara mpaka mtu anaifunga. Ukibandika jibu la mashine pamoja na saa uliyojaribu, anayehusika anajitambua mwenyewe.

Na mkitumia strongSwan kuendesha VPN, tazameni `ipsec statusall`. Ikiandika ESTABLISHED peke yake, mmesalimiana tu. Njia ya data ipo pale mnapoona INSTALLED pia.

#13 NyundoNzito

Waya leo kaamka vizuri. Kwenye uzi wa umeme wa jua alinijibu mstari mmoja tu.

#14 Waya_Mwekundu

Uliuliza kama betri ya gari inafaa kuwasha friji usiku kucha, Nyundo. Mstari mmoja ulitosha.

#15 MamaMradi

Habari wana jukwaa. Mimi nimesimamia miradi ya aina hii, na namtetea kidogo meneja wa Kibo. Ukimpa kijana kadi inayoitwa "Kibali cha VPN", akaulizwa kila Jumatatu mbele ya wenzake kwa nini haijasogea, utamvunja moyo bure. Hana uwezo wa kuisogeza.

Ninachofanya ni kuweka daftari la maombi nje ya ubao. Kila ombi lina mstari wake: tulipeleka nini, kwa barua pepe gani, namba ya tiketi waliyotupa, na nguzo moja ambayo kwangu ndiyo roho ya daftari lote, mpira uko kwa nani. Majibu ni mawili tu, kwetu au kwao. Hakuna "kwa wote". Ukiwa kwao, kuna tarehe ya kuuliza tena, tena tunaandika tarehe ya kuuliza sisi, kwa sababu tarehe ya kutoa kibali hatuipangi sisi.

Nitoe mfano. Kuna mradi mmoja tulikaa muda mrefu tukiamini nyaraka ziko kwa kampuni ya malipo. Nilipolazimisha ile nguzo ijazwe, mtu akapiga simu kuhakikisha. Nyaraka zilikuwa zimerudishwa zamani, jina la kampuni kwenye leseni ya biashara lilitofautiana na la kwenye cheti cha usajili. Barua ya kuzirudisha ilikwenda kwa mkurugenzi aliyesaini maombi, naye alidhani sisi tumeipata. Mpira ulikuwa kwetu siku zote hizo.

#16 Bandari_Salama

Mama, daftari lako nalipenda, ila likikaa nje ya ubao nani atalifungua? Nimeona madaftari mazuri sana yaliyosasishwa mara ya mwisho siku yalipoundwa. Ubao unatazamwa kila siku. Mimi niko na Kibo, kibali kiwe kadi ubaoni, ila jina la kadi libadilike. Isiitwe "Kibali cha VPN". Iitwe kwa hatua inayofuata ya upande wetu, mfano "Kupata jina la fundi wa VPN wa upande wao". Hiyo kijana anaiweza. Ikiisha, kadi inabadilishwa jina kwa hatua nyingine.

#17 MamaMradi

Halafu miezi mitatu baadaye bodi ikikuuliza ombi lilipelekwa lini, kadi imebadilishwa jina mara nane na historia imepotea. Tutabaki hapa hapa, Bandari.

#18 Kibo_Kazini

Nimerudi na jibu la mashine kama Waya alivyoelekeza. `curl` inasema timed out. Nikatazama strongSwan: ESTABLISHED ipo, INSTALLED haipo, na kwenye kumbukumbu kuna neno `TS_UNACCEPTABLE` linajirudia.

#19 Waya_Mwekundu

Safi sana, umeshajijibu. Lingekuwa `NO_PROPOSAL_CHOSEN` ningesema hamjakubaliana aina ya usimbaji. Hili la kwako maana yake anwani mnazotangaza kuwa zitapita kwenye njia hazifanani na zile wao walizoandika. Itafute ile fomu, tazama sehemu ya anwani za ndani za upande wenu, ulinganishe na `leftsubnet` kwenye mipangilio yenu. Herufi kwa herufi, hata ile /32 ya mwisho.

Angalizo: mitandao mingi hukataa anwani za 192.168 kutoka kwa mteja, kwa kuwa wateja mia wote wanazo hizo hizo na zitagongana. Wanataka IP ya umma.

#20 Kibo_Kazini

Fomu nimeipata kwa katibu wa SACCOS. Ilijazwa na mkandarasi aliyekuwepo kabla yetu, na ina IP ya umma ya seva aliyokuwa amekodi yeye. Kwa hiyo mtandao wanasema kweli, wamekamilisha, ila kwa seva ambayo haipo tena. Kinachotakiwa ni fomu ya marekebisho kutoka kwetu, yenye saini ya mwenyekiti.

Kadi sita zilikuwa zinasubiri mtandao, na mtandao haukuwa unadaiwa kitu.

#21 MamaMradi

Mpira uko kwa nani? Kwetu.

#22 Chaki_Nyeupe

Mimi mnanishangaza. Kwa nini msipitie kwa kampuni ya kati inayounganisha mitandao yote? Unaunganisha mara moja kwao, unapata mitandao yote, VPN ni shida yao, vibali ni shida yao. Shule yetu tumefanya hivyo, ada zinaingia vizuri, sijawahi hata kujua TS kitu gani.

#23 Bandari_Salama

Kwa ada ya shule uko sahihi kabisa, Chaki. Ningemshauri hivyo hivyo mwenye kupokea tu. Lakini hesabu mambo mawili. Kampuni ya kati nayo itataka nyaraka zako zote, TIN, leseni, cheti cha usajili, saini za wakurugenzi, kwa hiyo kile kibali cha kwanza hukikwepi, umekihamisha tu. Na pesa inaingia kwanza kwenye akaunti yao, kisha wanakuhamishia kwa ratiba yao. Kwa ada ya muhula si tatizo. Kwa SACCOS inayopokea akiba asubuhi na kutoa mkopo mchana, hiyo ratiba inaweza kukufanya ukose pesa ya kutoa wakati vitabu vinasema unayo.

#24 Chaki_Nyeupe

Yetu wanahamisha kila siku ya kazi, hatujaona tabu. Ila ni kweli hatutoi pesa, tunapokea tu.

#25 Mhasibu_Mstaafu

Naomba niingie kwenye kutoa pesa, maana naona wote mnakimbilia mitambo. Hicho kibali cha kutoa mikopo kwenye simu, hata VPN ikisimama leo, hakitatoka kwa sababu ya VPN. Wataitaka leseni ya SACCOS kutoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Watataka na muhtasari wa kikao cha bodi unaosema nani anaruhusiwa kuanzisha malipo na nani anaruhusiwa kuidhinisha. Mara nyingi bodi haijakaa kuamua hilo, kwa sababu vijana wa mfumo hawakuwaambia kwamba linahitajika.

Na msiweke mtu mmoja kote kuwili. Nimeona mahali mhasibu anaanzisha malipo, kisha anatoka na kuingia tena kwa jina la meneja, anaidhinisha mwenyewe. Hapo udhibiti haupo.

Kwa hiyo kibali hiki kina mnyororo wake pembeni. Leseni na muhtasari haviisubiri VPN hata dakika moja, vingeweza kuanza siku moja na mkataba.

#26 Kibo_Kazini

Mzee wangu, shikamoo. Hili la muhtasari ni jipya kwangu, na kikao cha bodi ni mara moja kwa mwezi. Nimempigia katibu sasa hivi aliingize kwenye ajenda.

Nimejaribu kuzipanga upya kadi kwa kutazama nani anamsubiri nani kwelikweli. Nyaraka na mkataba zinatangulia yote, hilo halina ujanja, na zimeshapita. Baada yake kuna njia tatu zinazoweza kwenda pamoja: namba ya kampuni kwa watu wa biashara, fomu ya VPN kwa mafundi wao, na muhtasari kwa bodi yetu. Majina na nywila za mazingira halisi zinakuja baada ya namba ya kampuni. Muamala wa kwanza wa kweli unahitaji VPN na nywila vyote viwili. Kutoa pesa kunahitaji hivyo vyote pamoja na muhtasari. Kumbe tulikuwa tunavisubiri vyote kama foleni moja, kimoja nyuma ya kingine.

Katika kumi na nne, tisa zimepata kitu cha kufanya kuanzia kesho.

#27 Waya_Mwekundu

Ongeza kitu kimoja kwenye mpangilio wako. VPN ikisimama usiseme imeisha. Njia isiyopitisha data kwa muda inaweza kulala, na seva nyingine haziiamshi zenyewe. Weka jaribio linalopiga ile `curl` kila baada ya dakika kadhaa na kuandika matokeo. Siku watakapobadilisha kitu upande wao bila kukuambia, utakuwa na saa kamili ya kuwaonyesha.

#28 kijana_wa_ilala

Kama namba ya kampuni ikitoka kabla ya uhakiki wa namba za uanachama kuwashwa, si mnaanza tu kupokea? Wanachama waanze kuzoea.

#29 Mhasibu_Mstaafu

Hapana, mwanangu. Bila uhakiki, mtu akikosea tarakimu moja ya namba ya uanachama pesa inapokelewa vile vile. Ikiwa namba hiyo si ya mtu yeyote, inakaa kwenye akaunti ya muda, na mtu lazima aisafishe kila jioni kwa kupiga simu. Ikiwa ni ya mwanachama mwingine, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu akiba imeingia kwa jirani na mfumo hauoni kosa lolote.

#30 Bandari_Salama

Mzee, la jirani hata uhakiki ukiwashwa halikamatwi, maana namba ipo, ni halali. Dawa yake ni tarakimu ya mwisho ya ukaguzi kwenye namba ya uanachama, ukikosea moja namba nzima inakataliwa. Hiyo haihitaji kibali cha mtu, ila wanachama wote wapewe namba mpya.

Mimi ningeanza kupokea, lakini kwa wafanyakazi wa SACCOS na wajumbe wa bodi tu, wasiozidi ishirini. Akaunti ya muda ya watu ishirini mhasibu anaisafisha huku anakunywa chai.

#31 Mhasibu_Mstaafu

Kwa ishirini nakubali. Kwa wanachama wote bado nakataa, na kubadilisha namba zilizoko kwenye vitabu vya watu kwa miaka yote hiyo siyo jambo la kuamuliwa na fundi.

#32 pwani254

Kabla hamjafurahia uhakiki, amueni hili mapema, kwa sababu utaulizwa wakati wa kusajili anwani. Seva yenu ikiwa imelala na mtandao ukakosa jibu la uhakiki, pesa ipokelewe au ikataliwe? Kwenye Daraja unaandika `Completed` au `Cancelled`. Mimi huweka `Completed`, kwa sababu mteja aliyetuma pesa akakataliwa mara mbili hatajaribu mara ya tatu.

#33 Mhasibu_Mstaafu

Mimi ningeweka kukataa. Pesa isiyojulikana ni ya nani isiingie kwangu kabisa.

#34 pwani254

Na siku ya mwisho ya marejesho seva ikilala kwa saa mbili, mzee, wanachama wote waliokataliwa watatozwa faini ya kuchelewa. Hapo utawaambia nini?

#35 Mhasibu_Mstaafu

Faini inaondolewa kwa kikao. Akiba iliyopotea kwa jirani haiondolewi kwa kikao.

#36 Kibo_Kazini

Hilo silijibu mimi, ni la pesa za wanachama. Nimelifungulia kadi, nimeweka jina la katibu wa bodi, na nimeifunga kwenye kadi ya kusajili anwani ili tusisajili kabla hawajaamua. Pwani, nimeweka na maneno yako mawili humo ndani.

Fomu ya marekebisho ya VPN imesainiwa leo mchana, tiketi imepatikana. Waya, wameuliza kama tunataka anwani moja ya /32 au mbili, ya pili ikiwa ya seva ya akiba. Nijibu mbili?

#37 Waya_Mwekundu

Mbili. Hata kama hiyo seva ya pili hamjainunua.